Barua ya Mwenye Nyumba kwa Mpangaji Aliyechelewesha Kodi



Mama mmoja mjane, mkaazi wa Msambweni, alinijia baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi mkononi. Marehemu mumewe alimwachia vyumba vitatu vya kupangisha huko Ukunda, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wake. Mpangaji wa chumba cha tatu ni kijana anayehudumu katika hoteli moja ya Diani. Kodi yake ni shilingi 7,000, na hulipwa tarehe 5 ya kila mwezi. Mwezi ule wa Mei alileta shilingi 2,000 tarehe 9, kisha akanyamaza. Wiki mbili zikapita tangu siku ya malipo. Simu akawa hazipokei.

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa barua aliyoandikiwa na mpwa wake. Ilisema mambo matatu: kwamba asipolipa kesho mlango utatiwa kufuli, kwamba friji na televisheni vitachukuliwa, na kwamba kila wiki ya kuchelewa itaongezwa shilingi 500. Alitaka niisome tu kabla haijapelekwa. Nikamwambia, "Mama, haki ni yako, lakini barua hii itakutoa kwenye haki na kukutia makosani."

Tulianza na ile nyongeza ya shilingi 500. Kodi ikishafika siku yake bila kulipwa huwa deni, na deni likiongezwa kwa sababu ya kucheleweshwa, hiyo ndiyo riba yenyewe ya zama za ujahili. Haibadiliki ikiitwa faini. Mama yule aliyahofia haya mara moja, akasema afadhali akose shilingi 500 kuliko kuwalisha wajukuu riba.

Kisha tukaja kwenye kufuli na vyombo. Sheria ya Kenya haimruhusu mwenye nyumba kumfungia mpangaji nje, kumkatia maji wala kung'oa mabati ili ahame mwenyewe. Vyombo navyo havishikwi na mkono wa mwenye nyumba. Kuna sheria mahususi ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, na anayeifanya kazi hiyo ni dalali wa mnada mwenye leseni. Tena wiki mbili ni mapema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inampa mwenye nyumba nafasi ya kutoa notisi ya kukusudia kuvunja mkataba pale kodi inapokaa mwezi mzima baada ya siku yake bila kulipwa. Kwa hiyo barua ya wiki mbili ni barua ya kudai, si barua ya kufukuza. Anayezichanganya hizo mbili huonekana mbele ya hakimu kuwa yeye ndiye aliyeanza dhulma.

Nikamuuliza: kijana huyu ana uwezo akakataa, au hana? Hakujua. Swali hilo ndilo lenye uzito, kwani katika Surat al-Baqara, aya ya 280, tumeamrishwa kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Mei ni msimu wa masika. Watalii hupungua Diani, na hoteli hupumzisha vibarua au kupunguza siku za kazi. Huenda kijana anaficha uso kwa haya. Barua njema humfungulia mlango wa kusema ukweli wake, na humfungia mlango wa kunyamaza.

Basi tuliiandika upya namna hii:

*Msambweni, 19 Mei 2025*

*Kwa Bwana Fulani, chumba namba 3, Ukunda.*

*Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, nakukumbusha kuhusu kodi ya mwezi wa Mei, ambayo ni shilingi 7,000 na ilistahili kulipwa tarehe 5. Tarehe 9 nilipokea kwako shilingi 2,000, nami nakushukuru. Zimebaki shilingi 5,000, na leo zimetimia siku 14.*

*Nimekupigia simu mara tatu bila kukupata. Ikiwa umepatwa na dhiki, nijulishe kabla ya Alhamisi tarehe 22, tuzungumze. Ikiwa huna udhuru, naomba ulipe shilingi 2,500 kufikia Ijumaa tarehe 23, na shilingi 2,500 zilizobaki kufikia Ijumaa tarehe 30 Mei. Sitakutoza nyongeza yoyote kwa kuchelewa.*

*Amana ya mwezi mmoja uliyoweka ulipoingia ni ya matengenezo na itarejeshwa utakapohama. Haihesabiwi kuwa kodi. Kodi ya Juni italipwa tarehe 5 kama kawaida.*

*Ikiwa deni hili litafika tarehe 5 Juni bila kulipwa na bila mapatano kati yetu, nitalazimika kukupa notisi kwa mujibu wa sheria. Sipendi tufike huko.*

*Wabillahi tawfiq.*

*Mwenye nyumba wako.*

Tazama mahali pa kila jambo. Hesabu imetangulia, kwa tarehe na shilingi, kwa sababu ugomvi mwingi wa kodi huanzia kwenye hesabu ambayo kila mmoja anayo kichwani mwake. Zile 2,000 zimetajwa, kwani mwenye kudai akificha alicholipwa huaminiwa kidogo katika vingine. Siku za malipo zimepangwa ili deni liishe kabla ya kodi ya Juni kuingia. Deni la mwezi mmoja hubebeka. Likikutana na la pili, kijana wa mshahara mdogo huanza kuwaza kuhama usiku. Na onyo limekuja mwisho, mara moja tu, likitaja jambo ambalo mama yule anaweza kulitenda kihalali.

Tuliandika nakala mbili. Moja ilipelekwa kwa mkono mbele ya mzee wa mtaa, na nyingine akabaki nayo mama baada ya mpokeaji kutia sahihi na tarehe. Nilimuasa pia kwamba akilipwa sehemu kwa M-Pesa aandike risiti inayotaja kilicholipwa na kilichobaki, na asiufute ule ujumbe wa simu.

Wengi huniuliza kama kesi ya kodi hupelekwa kwa Kadhi. La. Katiba, katika kifungu cha 170, imeweka kwa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Sheikh au Kadhi anaweza kuwasuluhisha kwa ridhaa yenu, lakini hukumu ya kodi hutafutwa katika mahakama za kawaida. Na ikiwa kodi ya chumba haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ipo sheria ya kudhibiti kodi pamoja na baraza lake maalumu, na mpangaji wa namna hiyo hatolewi bila amri.

Kijana alipiga simu siku ya Jumatano. Hoteli ilikuwa imempunguzia siku za kazi hadi tatu kwa wiki. Alileta 1,500 Ijumaa badala ya 2,500, na mama akakubali zilizobaki zigawanywe mpaka mwisho wa Julai, wakaandika nyuma ya ile barua na wote wawili wakatia sahihi. Mama hakupata fedha zake zote kwa wakati, na mwezi ule alikopa unga dukani. Lakini anajua anadai kiasi gani na lini, na mpangaji wake akimwona njiani humsalimia.