Uchafu Usioonekana Chupani

Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani, Gerard McGarrity, alichapisha jaribio ambalo bado linatajwa katika mafunzo ya maabara za seli. Zilichukuliwa seli zilizoambukizwa kwa makusudi mikoplazma, jamii ya bakteria wadogo sana, zikahudumiwa ndani ya kabati la hewa safi kama seli nyingine zote: zikabanduliwa, zikahesabiwa, zikagawiwa katika chupa mpya. Baadaye vikachukuliwa vipimo. Mikoplazma walipatikana mikononi mwa mfanyakazi, nje ya pipeti, kwenye kioo cha kuhesabia seli na nje ya chupa. Juu ya meza ya kabati walikutwa wakiwa hai hata baada ya siku 4 hadi 6. Kisha seli nyingine, safi kabisa, zikawa zinahudumiwa mara moja kwa wiki katika kabati hilohilo. Baada ya wiki 6, nazo zilikuwa na mikoplazma.

Anayeotesha seli hukabiliwa na uchafu wa aina mbili. Upo unaojitangaza kwa usiku mmoja, na upo unaokaa chupani miezi mingi pasipo mtu kuujua. Huu wa pili ndio wenye hasara kubwa zaidi, na taratibu nyingi za maabara hizi hueleweka vizuri mtu akizitazama kwa upande wake.

Kuotesha seli ni kuzitoa seli za binadamu au mnyama mwilini na kuziweka hai katika chupa. Hupewa kioevu cha lishe chenye sukari, chumvi, vitamini na asidi za amino, na mara nyingi huongezwa seramu ya damu ya ndama, kiasi cha asilimia 10. Chupa hukaa katika inkubeta yenye joto la nyuzi 37 na hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi, kwa kawaida asilimia 5. Chanjo kadhaa za virusi hutengenezwa kwa seli za namna hii. Huko Muguga, karibu na Nairobi, watafiti walifaulu mwaka 1970 kukuza kwa njia hiyo seli za ng'ombe zilizobeba kimelea cha ndigana kali.

Tatizo ni kwamba joto hilo na lishe hiyo huwafaa bakteria pia, na chupani hakuna ngozi wala chembe nyeupe za damu za kuwazuia. Bakteria wengi wa kawaida huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hadi 30. Tuseme mmoja ameangukia ndani saa 12 jioni, naye anagawanyika kila nusu saa. Ikifika saa 12 asubuhi amekwisha kugawanyika mara 24, na uzao wake umepita milioni 16. Seli ya binadamu iliyomo katika chupa ileile huhitaji karibu siku nzima kugawanyika mara moja tu.

Uchafu wa namna hii haujifichi. Kioevu cha lishe hutiwa fenoli nyekundu, rangi inayobadilika kadiri asidi inavyopanda au kushuka. Hali ikiwa nzuri, kioevu huwa chekundu. Asidi ikizidi hugeuka manjano, na ikipungua mno huelekea zambarau. Bakteria wakiingia, asubuhi utakuta kioevu kimekuwa cha manjano na kimechafuka kama kilichotibuliwa. Chini ya hadubini, nafasi kati ya seli na seli hujaa chembe ndogo zinazocheza. Hamira ya porini huonekana kama punje za mviringo zinazong'aa, nyingine zikiwa zimechipua punje ndogo ubavuni. Ukungu hutoa nyuzi ndefu, na ukikomaa huelea kama kipande cha pamba kinachoonekana hata kwa macho matupu.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Kioevu cha manjano lakini angavu mara nyingi humaanisha kwamba seli zimekuwa nyingi na zimemaliza lishe yao. Zambarau yaweza kutokana na mtungi wa kabonidayoksaidi kuisha. Hata chembe zinazocheza zinaweza kuwa mabaki ya seli zilizokufa, kwa sababu chochote kidogo kikiwa majini hutikisika. Mwenye shaka huitenga chupa hiyo na kuitazama tena baada ya saa chache. Mabaki hayaongezeki, bakteria huongezeka.

Kwa hofu hiyo, maabara nyingi huzoea kutia penisilini na streptomaisini katika kila chupa. Dawa hizi zina mahali pake, hasa siku za kwanza ambapo seli zimetoka moja kwa moja kwenye kipande cha mwili wa mnyama. Zikitumiwa siku zote, huleta madhara ya chinichini. Mfanyakazi mwenye mkono mzembe hapati adhabu ya chupa kuchafuka, hivyo hajui kwamba anakosea. Bakteria waliodhoofishwa na dawa wanaweza kubaki wachache kiasi cha kutoonekana, wakisubiri dawa iondolewe. Na mikoplazma hawajali penisilini hata kidogo. Dawa hiyo hushambulia ujenzi wa ukuta wa bakteria, nao mikoplazma hawana ukuta; wamefunikwa kwa utando laini tu.

Kukosa ukuta kunawapa faida nyingine. Vioevu visivyostahimili moto, kama seramu, husafishwa kwa kupitishwa kwenye chujio lenye matundu ya maikromita 0.2 hivi, ambalo huwazuia bakteria wa kawaida. Mikoplazma ni wadogo na wanapindika, kwa hiyo baadhi yao huweza kujipenyeza. Wanaweza kufikia mamilioni mengi katika mililita moja bila kuchafua kioevu. Seli zinaendelea kuishi, ila pengine zinakua polepole, au zinaitikia dawa kwa namna isiyoeleweka, kwa sababu wageni hao wanakula asidi za amino zake na kujishikiza kwenye ngozi yake. Mtafiti anayepima dawa ya saratani kwa seli hizo anaweza kudhani dawa imefanya kazi, kumbe anapima njaa iliyoletwa na mikoplazma.

Kuwagundua kunahitaji kipimo cha makusudi. Kipimo cha rangi ya Hoechst hutumia kemikali inayonata kwenye DNA na kung'aa bluu chini ya mwanga maalumu. Katika seli safi hung'aa kiini peke yake. Palipo na mikoplazma, vidoa vidogo vya bluu hutapakaa nje ya kiini na pembezoni mwa seli. Kipimo cha PCR hutafuta vipande vya DNA yao ndani ya kioevu na hutoa jibu kwa saa chache. Njia ya zamani zaidi, ambayo bado inaheshimiwa, ni kuwaotesha kwenye agari hadi siku 28, na makundi ya wengi wao hujitokeza kama mayai ya kukaanga, kitovu kizito na ukingo mwepesi. Kwa kipimo chochote kati ya hivi, ni vyema seli ziwe zimekaa siku kadhaa bila dawa za bakteria, la sivyo wachache waliodhoofika watakosekana.

Hao mikoplazma hutoka wapi? Aina moja huishi kinywani mwa binadamu, na kuongea au kukohoa juu ya chupa iliyo wazi kunatosha kumwingiza. Nyingine zimewahi kuingia kupitia seramu ya ng'ombe. Lakini chanzo kikubwa ni chupa nyingine iliyokwisha kuambukizwa ndani ya maabara ileile, na hapo ndipo jaribio la McGarrity linapotufundisha jinsi ya kufanya kazi.

Kabati la hewa safi huwashwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kazi. Hewa hupita kwenye chujio la hepa na kushuka taratibu juu ya meza, huku tabaka jingine la hewa likivutwa mbele kuizuia hewa ya chumba isiingie. Kwa hiyo mtu hufanya kazi katikati ya meza wala si ukingoni, hazibi matundu ya mbele kwa daftari, na hachezeshi mikono ovyo, maana mkono ukipita kwa kasi huvunja tabaka hilo. Meza, glavu na kila chupa inayoingia hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70. Spiriti kali zaidi haifanyi vizuri zaidi: hukauka upesi, na bila maji ya kutosha hushindwa kuharibu protini za kijidudu. Wala spiriti haiui mbegu sugu za bakteria, ndiyo maana vyombo na maji hupikwa kwanza katika otoklevu kwa nyuzi 121, dakika 15 au zaidi.

Chupa hufunguliwa moja tu kwa wakati, ikiwa imeinamishwa kidogo, na mkono haupiti juu ya mdomo wake. Kizibo kikilazwa mezani, hulazwa pembeni, nje ya njia ya mikono. Pipeti iliyogusa seli hairudi tena katika chupa kubwa ya lishe, hata kama ni kwa tone moja, kwa sababu chupa kubwa ikichafuka hulisha uchafu huo kwa kila chupa itakayofuata. Kioevu hakipulizwi kwa nguvu, kwani matone madogo yasiyoonekana ndiyo yaliyofika kwenye glavu na meza. Seli za aina moja hukamilishwa, meza ikafutwa, ndipo aina ya pili iingie. Zilizopimwa na kuthibitishwa hutangulia. Zilizotoka maabara nyingine hushughulikiwa mwisho, na hukaa katika inkubeta yao ya karantini mpaka majibu yatoke.

Utaratibu wa aina moja kwa wakati huzuia pia seli kuingiliwa na seli. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba aina 18 za seli, zilizodhaniwa kutoka kwa watu mbalimbali, zote zilikuwa na alama moja ya kimeng'enya inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Seli za HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, zilikuwa na alama hiyo, na Gartler aliona kwamba ndizo zilizoingia katika chupa za wengine na kuzishinda kwa kukua haraka.

Chupa ikithibitika kuwa na mikoplazma, kwa kawaida haitibiwi. Dawa za kuwaua zipo, lakini huchukua wiki kadhaa na hazifaulu kila mara, na muda wote huo chupa hiyo inabaki kuwa hatari kwa jirani zake. Hutiwa klorini au hupikwa katika otoklevu, kabati na inkubeta husafishwa, na kazi huanza upya kwa seli zilizohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, ambazo zilipimwa kabla ya kugandishwa. Ikiwa akiba hiyo haikupimwa, huenda inarudisha ugonjwa uleule.

Maabara nyingi hupima kila mwezi au kila baada ya miezi michache. Jibu la kipimo linahusu chupa iliyopimwa na siku iliyopimwa. Kwa mujibu wa McGarrity, wiki 6 zilitosha kwa seli safi kuambukizwa, kwa hiyo anayepima mara moja kwa mwaka anaweza kufanya kazi ya miezi mingi kwa seli asizozijua.