Mkaguzi wa ndani na mkaguzi wa nje: nani anamwajibisha nani?

Kila ripoti ya CAG inaposomwa redioni, wasikilizaji hutuuliza: halmashauri si ina mkaguzi wake? Wa pili anakuja kufanya nini? Tutumie mfano wa kufikirika wa zahanati ya kijiji.

Halmashauri imelipia mifuko 200 ya saruji, lakini stoo ilipokea 150. Mkaguzi wa ndani ni mtumishi wa halmashauri, yupo mwaka mzima. Anaweza kufika ukuta ukiwa bado unapanda, akalinganisha hati ya malipo na leja ya stoo, kisha akahesabu mifuko. Kazi yake ni kuona kama taratibu zinafuatwa na kushauri pengo lizibwe mapema, fedha zikiwa bado zinaweza kuokolewa.

Taarifa yake ya kila robo mwaka humfikia Mkurugenzi Mtendaji. Hapo ndipo uhuru wake una mpaka. Hatakiwi kuidhinisha malipo wala kuandika vitabu anavyovikagua, lakini bosi wake ni yule yule anayesimamia fedha hizo. Kama mifuko 50 imepotea kwa agizo la bosi, kuandika hilo kunahitaji moyo.

Mkaguzi wa nje ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, na watumishi wa ofisi yake. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, halmashauri huandaa hesabu zake, naye huzikagua na kutoa maoni: je, zinaonyesha hali halisi? Maoni hayo ndiyo tunayoyaita hati safi, hati yenye shaka au hati mbaya.

CAG hawajibiki kwa Mkurugenzi. Ripoti yake humfikia Rais kabla ya Machi kuisha, kisha huwasilishwa bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi. CAG huteuliwa na Rais, lakini Ibara ya 143 ya Katiba inasema halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote katika kazi yake.

Naye ana mipaka. Huja zahanati ikiwa imeshapauliwa, na hukagua sampuli ya malipo, si kila risiti. Kwa hiyo hati safi haimaanishi hakuna aliyeiba; inamaanisha hesabu hazina kosa kubwa la kupotosha. Ndiyo maana mkaguzi wa nje husoma kwanza taarifa za yule wa ndani. Akikuta mifuko 50 iliandikwa Novemba na hakuna aliyechukua hatua, anayeulizwa ni Mkurugenzi.

Basi kwenye mkutano wa kijiji, msiishie kuuliza tumepata hati gani. Ulizeni pia: mkaguzi wa ndani alisema nini kuhusu mradi wetu, na nini kilifanyika baadaye?