Utii wa mke: tusome barua nzima, si aya moja

Mume ameuza kiwanja cha familia bila kumwambia mkewe. Mke anapouliza, mume anafungua Waefeso sura ya 5, anaweka kidole kwenye aya ya 22, na mazungumzo yanaishia hapo. Wazee wa kanisa wanazijua kesi za namna hii.

Kosa la mume huyo ni kuanza kusoma katikati. Aya ya 21 inawataka waumini wote wanyenyekeane, mume akiwemo. Katika baadhi ya nakala kongwe za Kigiriki, aya ya 22 haina hata kitenzi chake. Inaazima kile cha aya ya 21. Biblia yetu ya Union imetumia "kunyenyekeana" katika aya ya kwanza na "kutii" katika ya pili, hivyo msomaji haoni kuwa zimeunganishwa. Tena "kutii" huko ndiko wanakoambiwa watoto na watumwa katika sura ya 6, ingawa kwao Kigiriki kina neno jingine, lenye maana ya kufuata amri.

Sasa tuingie katika nyumba ya Efeso. Mke, watoto na watumwa waliishi chini ya bwana mmoja mwenye mamlaka makubwa. Karne kadhaa kabla ya Paulo, mwanafalsafa Aristotle alikwisha kuzigawa nyumba katika jozi tatu: mume na mke, baba na watoto, bwana na watumwa. Mafundisho ya aina hiyo yalimlenga bwana, yakimwonyesha namna ya kutawala.

Paulo anazifuata jozi hizo hizo, lakini anaanza kwa kusema na mke, mtoto na mtumwa wenyewe, kama watu wanaoweza kuamua. Kisha kila mara anamgeukia mwenye nguvu na kumwekea mpaka. Mke anapewa aya tatu. Mume anaanza kuambiwa aya ya 25 na maneno hayaishi hadi mwisho wa sura: ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya kanisa, amtunze kama mwili wake mwenyewe.

Hakuna aya inayomwagiza mume amtiishe mkewe. Neno la mke limeandikiwa mke. Mume akilishika, analigeuza rungu.

Je, mume si kichwa? Aya ya 23 inasema ni kichwa, na hatuwezi kuifuta. Makanisa hayakubaliani ukichwa huo unafika wapi. Lakini mfano uliotolewa hapo ni wa aliyetoa uhai wake, si aliyechukua mali ya mwenzake.

Kwa hiyo mzee wa kanisa akiletewa kesi ya kiwanja, asibishane kuhusu aya ya 22. Amwombe mume aendelee kusoma kwa sauti kuanzia aya ya 25, mkewe akisikia, kisha amuulize: fedha za kiwanja ziliutunzaje mwili wako huyu?