Mwanza hadi Bukoba: kilomita 180 au zaidi ya 400?

Ukiuliza kwenye mtandao umbali kati ya Mwanza na Bukoba, tovuti nyingi hukujibu kilomita 180 hivi. Mtu anayepanga safari ya gari kwa takwimu hiyo atakwama mafuta njiani, kwa sababu barabara inayozunguka kupitia Geita, Biharamulo na Muleba ina zaidi ya kilomita 400.

Hiyo 180 si uongo. Ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ile unayoipata ukivuta uzi kwenye tufe kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ukiuendeleza uzi huo mpaka uizunguke dunia nzima, unaigawa dunia nusu kwa nusu. Ndiyo maana huitwa duara kuu. Kwa miji iliyo karibu namna hii, tena jirani na ikweta, hesabu yake unaweza kuifanya kwenye karatasi. Mwanza iko latitudo 2.52 kusini na longitudo 32.90 mashariki, Bukoba ni 1.33 na 31.81. Tofauti ni nyuzi 1.19 na 1.09. Huku kwetu kila uzi mmoja ni kama kilomita 111, kwa hiyo ni kilomita 132 kwenda kaskazini na 121 kwenda magharibi. Kanuni ya Pithagora inakupa takriban 180.

Kompyuta hutumia kanuni ndefu zaidi, lakini nayo inajua namba hizo nne tu. Haijui kwamba sehemu kubwa ya mstari huo iko juu ya maji ya Ziwa Victoria.

Wengine huongeza theluthi moja juu ya umbali wa mstari na kudhani wamepata wa barabara. Dar es Salaam na Dodoma zimetengana kwa karibu kilomita 400 za mstari, na barabara ni kama 450. Hapo nyongeza hiyo ni kubwa mno. Kwa Bukoba ingekupa 240, pungufu mno. Kwa mstari, Bukoba haifiki hata nusu ya safari ya Dodoma. Kwa dereva, safari hizi mbili zinakaribiana.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini takwimu, chora mstari kwenye ramani uone unapita juu ya nini: ziwa, milima, hifadhi au mpaka usio na kivuko.

Hata kilomita za barabara zina kikomo chake. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025 kwenye njia hiyohiyo ya Geita. Kilomita hazikubadilika sana, ila foleni ya kusubiri kivuko imeondoka, na dereva anavuka kwa dakika chache.