Barua ya Kuomba VPN Kabla ya Kusafiri

Maombi mengi ya VPN yanayofika kwenye dawati la TEHAMA la kampuni yana sentensi mbili tu: kesho nitakuwa mkoani, naomba nifunguliwe VPN ili niendelee na kazi. Aliyeandika huona amemaliza. Fundi akiisoma barua hiyo hajui afungue mfumo gani, kwa kompyuta ipi, mpaka lini, wala kama mkuu wa idara ameridhia. Anarudisha maswali, mwombaji yuko kwenye basi, na kazi ya siku mbili inalala.

Maswali hayo si urasimu. Katika kampuni nyingi, faili za hesabu, mfumo wa mishahara na folda za idara hukaa kwenye seva iliyo ndani ya mtandao wa ofisi, na aliye nje hazifikii. VPN hujenga njia iliyosimbwa kati ya kompyuta yako na ofisi, ikipita juu ya intaneti ya kawaida. Ukishaunganishwa, kompyuta iliyoko Mwanza huhesabiwa kuwa imo ofisini Dar es Salaam. Hapo ndipo faida inapotoka, na hatari pia: kirusi kilichomo kwenye kompyuta hiyo nacho kimepata njia ya kuingia ofisini.

Tumchukue mhasibu msaidizi wa Dar es Salaam ambaye mama yake amefanyiwa upasuaji Mwanza, na mkuu wake amemruhusu afanye kazi akiwa huko. Barua inayojitosheleza ingekuwa hivi:

"Ndugu Msimamizi wa TEHAMA,

YAH: OMBI LA VPN, 3 HADI 21 MACHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nitafanyia kazi Mwanza kwa tarehe hizo kwa sababu za kifamilia. Mkuu wa Idara ya Fedha ameridhia. Nimemwekea nakala ya barua hii.

Naomba kufikia mfumo wa uhasibu na folda ya malipo ya wazabuni tu. Sihitaji mfumo wa mishahara. Nitatumia kompyuta mpakato ya kampuni, ambayo namba yake ya mali nimeiambatanisha, na si kompyuta nyingine yoyote. Intaneti itakuwa waifai ya nyumbani. Ikisumbua nitatumia data ya simu. Namba za uthibitisho nitaendelea kuzipokea kwenye simu niliyosajili.

Naomba tujaribu muunganisho kabla ya tarehe 27 Februari, na ruhusa ifungwe tarehe 21 Machi jioni.

Wako katika kazi,
Mhasibu Msaidizi"

Sentensi yenye uzito kuliko zote humo ni ile ya "Sihitaji mfumo wa mishahara." Fundi anaweza kumfungulia mtu mtandao mzima, au kumwekea kanuni inayomfikisha kwenye seva mbili tu. Njia ya pili ni salama zaidi, lakini hawezi kuifuata asipojua mtu huyo anahitaji nini. Ukiandika "mifumo yote", umemlazimisha achague kati ya kukunyima na kukupa zaidi ya kazi yako.

Tarehe ya kufunga nayo ina sababu nzito. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa bomba hadi miji ya mashariki ya nchi hiyo, ilisimamisha bomba lake baada ya wahalifu wa mtandaoni kuingia kwenye mifumo yake. Waliingia kwa akaunti ya VPN ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga. Akaunti hiyo ililindwa kwa nywila peke yake, bila namba ya uthibitisho ya pili. Kampuni ililipa kikombozi cha takriban dola milioni 4.4. Ndiyo maana mhasibu wetu anataja siku ya mwisho bila kusubiri kuulizwa, na anataja simu ya uthibitisho.

Ombi la kujaribu mapema ndilo watu wengi husahau. Jaribio lenye maana halifanyiki kwenye waifai ya ofisi, kwa kuwa hapo tayari umo ndani. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha kompyuta nayo, fungua VPN, kisha fungua faili halisi na uihifadhi. Ikiwezekana, badilisha pia nywila ya kompyuta kabla ya kuondoka. Nywila za kazini mara nyingi huwekewa muda wa kuisha, na ikiisha ukiwa mbali unaweza kujikuta umefungiwa nje.

Hata hivyo, kuna kasoro ambayo jaribio la hotspoti halitaionyesha. Mhasibu anafika Mwanza, anaunganisha waifai ya nyumbani, VPN inaandika kuwa imeunganishwa, lakini folda ya malipo haifunguki. Hakuna ujumbe wa maana, ni kusubiri tu hadi mfumo ukate tamaa. Mtu wa kawaida huilaumu intaneti. Dalili ya kweli inaonekana akifungua dirisha la amri la Windows na kuandika:

```
ipconfig
```

Kwenye sehemu ya waifai akiona `192.168.1.14`, na seva ya ofisi ni `192.168.1.20`, tatizo ni hilo. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza na `192.168.1`, na ofisi nyingine nazo zimejengwa kwa anwani hizo hizo. Kompyuta inapotafuta seva, inadhani iko humo humo nyumbani, kwa hiyo haiitafuti kupitia VPN. Ni sawa na kumwita Juma wa mtaa wa pili ilhali sebuleni kwako kuna Juma mwingine. Dawa ya haraka ni kuhamia hotspoti ya simu, ambayo kwa kawaida hugawa anwani tofauti. Dawa ya kudumu ni kubadilisha anwani za ruta ya nyumbani ziwe, kwa mfano, `192.168.57`, au fundi wa kampuni apange upya upande wa ofisi.

VPN ikigoma kabisa kuunganishwa, namba ya kosa itamsaidia fundi kuliko maelezo marefu. Kwa VPN iliyomo ndani ya Windows, kosa `691` kwa kawaida humaanisha jina au nywila imekataliwa. Kosa `809` humaanisha kompyuta haijapata jibu la seva, mara nyingi kwa sababu mtandao unaotumia umeziba njia. La kwanza linatatuliwa ofisini. La pili lijaribu kwanza kwa kubadilisha mtandao. Tuma picha ya skrini, saa tatizo lilipotokea na mtandao uliokuwa ukitumia. Nywila usiitume kamwe, hata akiiomba anayejiita fundi.

Kwa walioko Tanzania kuna jambo moja zaidi. Oktoba 2023, TCRA ilitangaza kuwa watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wajiandikishe kwake, ikaweka tarehe 30 ya mwezi huo kuwa mwisho. Hilo ni jukumu la kampuni kwa VPN yake, lakini mfanyakazi ana haki ya kuuliza kama limefanyika, na swali hilo linafaa kuwemo kwenye barua.

Na siku ya kwanza ukirudi ofisini, mwandikie fundi mistari miwili: nimerejea, tafadhali thibitisha kuwa ruhusa yangu imefungwa. Usiondoke kwenye jambo hili mpaka akujibu.