Ofa Inayojiondoa Yenyewe

Muuza vitenge wa Kariakoo huweka kiungo kimoja tu kwenye wasifu wake wa Instagram, na mteja akibofya hukuta ofa ya Iddi iliyokwisha wiki tatu zilizopita. Anauliza bei ile ile. Ugomvi unaanza.

Dawa yake inapatikana bure Google Sheets. Safu A iwe na bidhaa, B bei, C siku ya mwisho ya ofa. Kwenye ukurasa wa pili aandike:

```
=FILTER(Sheet1!A2:B50, Sheet1!C2:C50>=TODAY())
```

Ukurasa huo wa pili pekee ndio autoe kwa `Publish to web`, kisha kiungo chake akiweke kwenye wasifu. Ofa ya tarehe 10 itaonekana tarehe 10, na tarehe 11 itatoweka bila yeye kugusa chochote.

Ofa ikigoma kuondoka, atazame safu C. Tarehe halisi huegemea kulia mwa kisanduku. Ikiegemea kushoto, imesomwa kama maneno, na fomula huyahesabu maneno kuwa makubwa kuliko tarehe yoyote. Akague pia saa za faili: zikiwa za Los Angeles, ofa itachelewa kuondoka kwa saa 10 au 11.