Cherehani ya Pili: Piga Hesabu Kabla ya Kukodi

Tuseme fundi anataka kukodi cherehani ya pili kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Hiyo ni gharama isiyobadilika: hata asiposhona nguo, atalipa. Uzi, zipu, bitana na ujira wa msaidizi anayelipwa kwa kila nguo ni gharama zinazobadilika. Pasipo gauni, hazipo.

Gauni moja anatoza 15,000. Vifaa vinakula 3,000, msaidizi 7,000, zinabaki 5,000. Kwa hiyo magauni 8 yanalipa kodi tu, na faida inaanzia gauni la 9.

Ila ahesabu yale tu ambayo cherehani ya kwanza haiyawezi. Ikiwa kwa mwezi anakataa magauni 6 kwa kuzidiwa, akikodi atapata hasara ya 10,000. Asikodi kwanza.